Zuhra wa Picha za Ndani

"Zuhra, mwanangu akiolewa, kwa nini nikuite wewe na nisimwite Dickson?"

Swali hilo aliliuliza Albina, jirani yetu anayeuza vitenge karibu na stendi ya Nachingwea. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amekaa barazani kwangu ananisubiri nimalizie pindo la gauni lake, na Zuhra amesimama mlangoni kwake, maana chumba chake cha picha na chumba changu cha kushonea vinatenganishwa na ukuta mmoja tu.

Zuhra akacheka. "Dada Albina, mimi si nafuu?"

"Hata Dickson nafuu. Juzi kanipiga pasipoti nne kwa buku mbili, na maji ya kunywa kanipa."

"Basi mimi nitakupa soda."

"Ukishanipa soda, wewe utabaki na nini?"

Tukacheka wote watatu. Kicheko cha Zuhra ndicho kilichoisha kwanza.

Yeye ni mtoto wa wakulima wa Chinongwe, korosho na ufuta, na kamera yake aliinunua imeshatumika, kwa fedha za mavuno ya shamba alilolilima mwenyewe misimu miwili. Juu ya mlango wake palikuwa na kibao: PICHA ZA AINA ZOTE, BEI POA. Na kweli zilikuwa za aina zote. Alipiga pasipoti, mahafali, timu za mpira, misiba, harusi. Mzee mmoja alileta ng'ombe apigwe picha ili amtumie mnunuzi, na ng'ombe yule akala nusu ya pazia la bluu la kupigia pasipoti. Zuhra alimwambia mzee, "Pazia nimekusamehe, babu, ila ng'ombe wako katoka vizuri kuliko bwana harusi wa jana."

Kisha simu zikaja, kila mtu na kamera mfukoni. Akashusha bei. Dickson wa ng'ambo ya barabara naye akashusha. Zuhra akashusha tena. Ikafika mahali anapiga harusi nzima kwa shilingi elfu sitini, anarudi amechoka, na kesho yake mtu anamwambia, "Sitini? Si umpunguzie jirani?" Alishasema kwamba ufuta ukishauzwa msimu ule na mambo yakiwa bado hivyo, anauza kamera, anarudi Chinongwe kushika jembe. Jembe si aibu, wazazi wake limewalea. Lakini alipolitaja sauti yake ilikuwa chini, kama ya mtu anayeaga.

Siku ile ya swali la Albina, alasiri, alikuja kukaa karibu na cherehani yangu. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mashamba na ulileta harufu ya maua ya mikorosho, ile harufu tamu inayomfanya mtu asinzie macho wazi. Akasema, "Mama, nimekumbuka Malolo."

Akanisimulia. Mwaka mmoja nyuma alikwenda kupiga harusi Malolo, kule Ruangwa. Alikuwa nje pamoja na wapiga picha wengine, wanaume, wanasukumana kwa bwana harusi. Mama wa bibi harusi akatoka, akamshika mkono: "Wewe ni mwanamke mwenzetu. Ingia ndani." Mlangoni palikuwa na ndoo ya plastiki na bibi mmoja ana fimbo, kila anayeingia anatumbukiza simu yake kwenye ndoo. Ndani palikuwa na udi na hina. Wanawake wamevua mitandio, nywele zimesukwa, mikono inapeperuka kama majani, binti katikati anang'aa kwa mafuta. Zuhra alisema alisahau kwamba yuko kazini. Alikuwa kama anaota, na kidole chake ndicho kilichokuwa macho. Katika wanawake wote wale, kamera ilikuwa moja, yake.

Wiki iliyofuata alimpelekea mama yule picha, na mama akazikumbatia kifuani, akalia. Alimwambia, "Siku hii tunaionaga mara moja halafu inapotea. Mama yangu hana hata picha moja ya siku yake."

"Sasa hilo ndilo jibu la dada Albina," Zuhra akaniambia. "Dickson hawezi kuingia mle, hata akipiga bure."

Nilimwambia riziki kila mtu ana mlango wake, na Mwenyezi Mungu akikuonyesha mlango usibaki unachungulia dirishani. Basi.

Hakulilalia jambo lile. Kibao akakishusha, fundi rangi akaandika kingine: ZUHRA. PICHA ZA NDANI ZA BIBI HARUSI. MPIGA PICHA NI MWANAMKE. Pazia la pasipoti akampa Dickson, pamoja na sehemu iliyoliwa na ng'ombe. Dickson alifurahi na kuogopa kwa pamoja. "Dada, umepata kazi serikalini?" akauliza. Kisha akaiulizia bei ya kamera, kwa adabu.

Bei mpya ilikuwa laki tatu kwa siku mbili, siku ya hina na siku ya harusi. Albina aliposikia alishika kichwa. "Laki tatu! Unawapiga picha au unawajengea choo?"

Mteja wa kwanza alitoka Likunja, baba wa binti. Hapo Zuhra akakosea, na ni kosa letu sote wa huku. Kwetu bei ya kwanza siyo bei, ni salamu. Ufuta, kuku, kitenge, vyote vinataka mvutano, na asiyepunguza huonekana ana roho ngumu. Baba yule akasema laki moja. Zuhra akaona haya, akasema haya baba, laki moja.

Yule baba naye akaona kumbe huyu ni wa kawaida tu. Siku yenyewe alimwita nje akapige wazee wakiandika ndoa, kisha sufuria za pilau, kisha gari la mjomba. Vijana wakamzunguka, "Dada, tuonyeshe," naye akawaonyesha picha zao kwenye kioo cha kamera. Aliporudi ndani, wanawake wote walikuwa wamejifunika. Ngoma inalia lakini hakuna anayecheza. Bibi mmoja alimwambia taratibu, "Mwanangu, kamera hiyo imetoka kwa wanaume, na itarudi kwa wanaume. Tutajuaje?"

Alirudi Nachingwea na picha za mitandio. Nikadhani ndiyo mwisho. Siku ya tatu akaniambia, "Mama, nilidhani wananilipa kwa kujua kamera. Kumbe wananilipa ili picha zisitoke."

Kuanzia hapo akajiwekea masharti, akayasema kwa mteja kabla ya bei. Anakwenda siku moja kabla, anakaa na mama wa binti, anauliza nani hataki kupigwa. Haweki picha kwenye simu wala mtandaoni. Anazisafisha mwenyewe chumbani kwake, hapeleki kwa fundi wa kiume. Akishakabidhi albamu na kadi ya kamera kwa mama, anafuta nakala zilizobaki kwake mbele ya macho ya mama. Na akiingia ndani, hatoki nje kupiga chochote.

Ila palikuwa na shida. Mpiga picha huonyesha kazi zake, na yeye za kwake hazionyeshwi. Aliwaza sana. Akatengeneza albamu ndogo isiyo na sura ya mtu, kwa ruhusa ya wenyewe: viganja vyenye hina, kitezo cha udi kinafuka, viatu vimejaa mlangoni, ile ndoo ya simu. Ukiifunua unasikia ngoma kwa mbali. Na mama wa Malolo, baada ya Zuhra kwenda kufuta zake zote mbele yake, akamruhusu atoe namba yake kwa anayetaka kuuliza.

Wiki sita hakuna aliyekuja. Msimu wa ufuta ulikuwa unakwisha. Dickson aliulizia kamera tena. Ndipo akaja Bi Mwanawetu, mama wa Ruangwa, binti yake Fauzia anaolewa. Alikaa barazani, akafunua ile albamu polepole, akarudi kwenye kitezo mara mbili.

"Shilingi ngapi?"

Zuhra akaeleza masharti, kisha akataja laki tatu.

"Eh! Mwenzio hapo ng'ambo kaniambia elfu themanini."

"Ni kweli, mama. Na ni mpiga picha mzuri. Nje atakupigia vizuri sana."

"Nipunguzie basi. Nikupe laki mbili."

Nilisimamisha cherehani. Nilimwona Zuhra anafungua mdomo, na lile neno la Likunja liko pale ulimini. Kisha akasema, "Mama, kwa laki mbili nitakuja siku ya hina peke yake. Nitaifanya sawasawa kama nilivyokueleza. Bei haishuki, ila kazi tunaweza kuipunguza."

Bi Mwanawetu akamtazama. "Una kiburi wewe, au una uhakika?"

"Mpigie mama wa Malolo, shikamoo yangu umfikishie."

Akapiga pale pale. Hatukusikia ya upande wa pili, tulisikia tu yeye: "Ehe... Mbele yako? Zote?... Ndugu wa mume hawajaona hata moja?... Ehe." Alipokata simu alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake. Akasema, "Mama huyu ananiambia nisithubutu kuacha siku ya pili." Akatoa malipo ya mwanzo, nusu.

Nilikwenda naye Ruangwa, maana magauni ya Fauzia niliyashona mimi. Siku ya hina ilipita kama usingizi mtamu: moshi wa udi, vicheko, mabibi wanacheza kama wasichana, na Zuhra katikati yao kimya, mtandio kiunoni, hakuna aliyejifunika kwa ajili yake.

Siku ya harusi, adhuhuri, akaja Mzee Swalehe, kaka wa Bi Mwanawetu, ndiye msimamizi wa shughuli. Mpiga picha wa nje alikuwa amechelewa. Alisimama nyuma ya pazia la mlango, akaita kwa heshima, "Binti, toka kidogo. Wazee wameshakaa, sheikh kafika. Dakika kumi tu. Nakuongezea elfu hamsini, na ukikataa utaniaibisha mbele ya watu."

Niliona mikono inasogea kwenye mitandio, taratibu, kama ndege wanaotaka kuruka. Fauzia alikuwa anamtazama Zuhra. Bi Mwanawetu naye alimtazama Zuhra, kisha akatazama pazia lililomficha kaka yake. Nusu ya pili ya malipo ilikuwa bado, na Mzee Swalehe ndiye mshika mfuko.

Zuhra alisogea hadi kwenye pazia. Hakulifungua. Kamera aliishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama anayemwamkia mkubwa wake, akasema:

"Shikamoo, baba. Naomba mtafute mwingine wa huko nje, na mimi mniache humu na wanawake hawa mpaka kazi yangu iishe."