Makunyanzi ya Mama

Nilipokuwa na studio ya picha Temeke, nililainisha kila sura kwenye kompyuta bila kuombwa, nikijiona fundi kweli. Mama mmoja, mgonjwa wa miguu, alimtuma bintiye ofisi ya serikali ya mtaa na picha niliyompiga, akamwandikishie msaada wa wazee. Binti akataja miaka sitini na mbili. Karani kijana akaangalia ngozi, akakisia arobaini. Mwenzake, mtu mzima, akaangalia shingo ambayo sikuigusa, akasema hamsini na tano. Wakamrudisha binti akalete cheti cha kuzaliwa cha mama yake.

Kesho yake mama akaja mwenyewe, anachechemea. Nikamwamkia, nikamtania kwamba nimempunguzia umri. Hakucheka.

“Marahaba. Mwanangu, mie sina cheti zaidi ya makunyanzi haya. Yarudishe.”