Siku Nilipomtafutia Bibi Dawa ya Ng'ombe

Shule niliwachia kidato cha pili, lakini ng'ombe najua. Hapa kwetu karibu na Birongo, kiwele cha ng'ombe wa mtu kikivimba, naitwa mimi. Kwa hivyo bibi yangu alipojifungua kifungua mimba wetu, nilijiona niko tayari kabisa.

Siku ya tatu matiti yote mawili yalijaa yakawa magumu. Mama yangu akasema ni maziwa yanaingia, mtoto anyonye kila akitaka. Siku mbili yakalegea. Wiki ya tatu kukatokea kinundu titi la kulia, kama punje ya maharagwe, kinauma ukikigusa, lakini bibi hana homa. Leo najua mfereji wa maziwa uliziba tu, mtoto angeendelea kunyonya pengine kingeisha. Mimi nilikikanda kama unga wa chapati mpaka bibi akanipiga teke.

Kesho yake titi lilikuwa jekundu na la moto, na bibi anatetemeka chini ya blanketi mbili, mwili wote unauma.

Nikatangaza kwamba huu ni ugonjwa wa kiwele, na ng'ombe akiupata, maziwa yake ni ya kumwaga. Nikamchukua mtoto nikamkabidhi mama yangu ili asinyonye, nikakimbia Keumbu, duka la dawa za mifugo. Muuzaji ananijua. Nilipotaja ugonjwa wa kiwele, alishika tyubu ya dawa tayari, akauliza ni chuchu ngapi zimeshikwa.

"Moja."

"Kati ya nne?"

"Kati ya mbili."

Akairudisha tyubu kwa rafu polepole. "Kaka, mpeleke hospitali. Na usimwambie mtu ulipitia hapa."

Tukafika hospitali titi limekuwa jiwe, mtoto analia. Sista akampima joto, likawa juu, kisha akabonyeza titi taratibu. Alisema anatafuta mahali panapobonyea kama mfuko wa maji. Hapo kungekuwa na usaha, na usaha vidonge peke yake haviuwezi, lazima utolewe kwa sindano. Hakupapata. Ni maambukizi, akasema, akaandika antibiotiki za kumalizwa zote, dawa ya maumivu, kitambaa baridi, na hakuna kukanda. Akaniangalia mikono.

Halafu akauliza mtoto alinyonya lini. Nikamweleza habari ya ng'ombe yote kwa mpangilio, nikidhani namsaidia kazi.

"Baba, mrudishe mtoto kwa titi sasa hivi. Maziwa hayo hayamdhuru. Kuyazuia ndiko kunakoweza kuleta usaha."

Bibi aliniangalia vile huangalia kuku akipanda mezani. Mtoto akashika, bibi akauma leso, maziwa yakaanza kwenda.

Sista akasema turudi baada ya siku mbili. Siku hizo nilimgusa bibi paji la uso hadi akaniambia niende nikamguse ng'ombe. Tuliporudi homa ilikuwa imeisha, wekundu umefifia. Sista akabonyeza tena kila mahali. Hakukuwa na mfuko.

Sasa kila nikienda kununua chumvi ya mifugo, muuzaji huuliza yule wangu wa chuchu mbili anaendeleaje. Namwambia ananyonyesha.