Pingili Tatu za Saa ya Baba

Mimi ni fundi saa hapa Tunduma, mwanamke, na najua watu wanavyonitazama wanapoikuta meza yangu nje ya duka la vitenge. Wengine huuliza fundi yuko wapi. Nawajibu amekwenda kuzaa, karudi, ndiye huyu. Mdomo ninao, na nimeurithi kwa baba yangu, mkulima wa kahawa kule Mbozi, mtu mbishi ambaye hata jogoo hamwamini mpaka aangalie saa yake.

Saa hiyo nilimnunulia mimi, ya mkanda wa chuma. Siku ya kumvisha nilimkalisha hapa mezani, nikamwonyesha. Ndani ya mkanda, kwenye pingili, vile vipande vya chuma vilivyoungana, kuna mishale midogo. Pini inayounganisha pingili na pingili husukumwa itoke kwa kufuata mshale, na ikirudi huingizwa kwa kuupinga. Pini zenyewe zimepasuliwa ncha moja, na ncha hiyo ndiyo nene. Ncha nzima hutangulia, iliyopasuka huingia mwisho, ikakaza. Nilipunguza pingili sawasawa pande zote mbili, ili kifungo kikae katikati chini ya kifundo cha mkono. Kidole changu kimoja kikapita kati ya mkanda na ngozi, ndicho kipimo. Baba akacheka kwamba nimemvalisha pingu.

Mwaka mmoja na nusu baadaye akaja bila taarifa. Jua kali, yeye kavaa koti. Akanipa saa kwenye kiganja, akasema ilimdondoka kanisani, nimfungie haraka awahi basi. Alikuwa anakohoa kidogo. Nikamuuliza, akasema vumbi la njiani.

Nilichokiona kwanza ni pini ya springi kwenye kifungo. Hiyo ni pini yenye ncha mbili zinazobonyea, na kila ncha lazima iingie kwenye tundu lake mpaka usikie tik. Hii ilikuwa imeingia upande mmoja tu. Upande wa pili ilikuwa inaning'inia nje ya tundu, ndiyo maana saa ilidondoka. Ningemfungia, ningemtania, angewahi basi. Lakini mimi niliiacha kwenye tundu la katikati, na sasa ilikuwa kwenye tundu la mwisho, lile la kubana kabisa.

Nikaugeuza mkanda. Pini moja ilikuwa imechomoza, ncha yake iliyopasuka imekaa upande wa nyuma ya mshale. Imeingizwa kinyume. Pembeni ya tundu kulikuwa na mikwaruzo ya kitu butu. Hakuna fundi afanyaye hivyo, hata yule fundi mlevi wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Nikaanza kuhesabu pingili. Nikahesabu tena, kwa sababu sikutaka kuamini. Upande mmoja zilipungua tatu.

Mtu mzima mkono wake haupungui pingili tatu bure.

Nikamwambia anipe mkono. Akasema saa ndiyo mbovu, si mkono. Nikarudia, safari hii bila utani, akautoa kwenye koti polepole. Jamani, ule mkono! Niliukumbuka ukibeba gunia la kahawa. Sasa mifupa ya kifundo ilikuwa imesimama, na ngozi imelegea juu yake. Koti lilikuwa limenifichia yote hayo, na simu nayo ilinifichia, maana kila Jumapili alikuwa ananiambia hajambo.

"Umezitoa mwenyewe," nikasema.

"Kwa msumari," akajibu. "Moja moja. Ilikuwa inateleza."

"Kwa nini hukuniletea mimi?"

Akatazama malori yaliyopanga foleni ya mpaka. "Wewe ungenipima mkono."

Nilielewa. Mama yetu aliingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amebebwa, na tangu siku hiyo baba akiona jengo lenye harufu ya dawa hupita upande wa pili wa barabara. Aliogopa wamwambie. Badala yake alikaa peke yake nyumbani na msumari, akaifanya saa imkae vizuri ili mimi nisijue. Nilikasirika. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia hivyo hivyo usoni, na sijutii. Nikaitia saa kwenye droo, nikaifunga, nikamwambia hataivaa tena mpaka apimwe. Alilalamika kana kwamba nimemnyang'anya shamba. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaiweka mezani. Ndani yake zilikuwemo pingili zote tatu na pini zake.

"Sikuzitupa," akasema. "Nilidhani nitanenepa."

Hospitali walimpima uzito, damu, na makohozi. Nilikaa kwenye benchi nimezikamata zile pingili, nikiomba maneno ambayo hata siyajui. Kila nesi aliyepita na karatasi nilidhani ndiye. Nilimwona mama kila walipopita na kitanda cha magurudumu. Walipotuita, kiganja changu kilikuwa na alama za chuma. Daktari akasema kifua kikuu, kinatibika, dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja, na mimi pia nipimwe. Mimi nilikuwa salama. Baba aliuliza swali moja tu, kama anaweza kurudishiwa saa yake.

Nikamfungia kwa kipimo cha mkono aliokuwa nao sasa. Nilihamisha pingili moja kwenda upande uliopungua ili kifungo kirudi katikati, nikazigeuza pini zote ziingie kwa kuupinga mshale, nikaitoa pini ya springi kwenye tundu la mwisho, nikaibonyeza kwenye lile la kabla yake mpaka tik zote mbili, nikavuta kwa nguvu nione kama itachomoka. Haikuchomoka. Nilimweleza kila hatua upya, kwa ukali, kama mwalimu. Pingili tatu nikazitia kwenye kichupa mezani.

Kila mwezi akifuata dawa alipita kwangu, nami kabla ya salamu nachukua mkono. Mwezi wa kwanza kilipita kidole kimoja. Mwezi wa pili vikapita viwili, mkono ulikuwa umepungua tena. Nikasema naifuta vumbi, nikainama, nikasogeza pini ya springi tundu moja ndani, nikamrudishia nikimwambia iko vilevile. Alipoondoka nikakitazama kile kichupa. Nilikuwa nimemfanyia kile kile alichonifanyia yeye.

Mwezi wa tatu alikuja bila koti. Akasema saa inambana. Nilipoivua, mkanda ulikuwa umeacha alama kwenye ngozi, na badala ya kufurahi nikaogopa zaidi, maana mama kabla ya kufa alivimba. Nikabonyeza kidole gumba juu ya mkono wake, nikakiachia, nikasubiri kile kishimo kinachobaki kwa mtu aliyevimba. Nyama ikarudi mahali pake. Nikabonyeza tena. Ikarudi.

Nikafungua kichupa, nikachukua pingili moja. Kazi hii naifanya nikiwa nimefumba macho, lakini siku hiyo sikuona mshale wala tundu. Baba aliniacha nihangaike, halafu akaweka kidole chake juu ya mkanda.

"Si upande huo, mama," akasema. "Huo mshale ni wa kutokea. Mimi narudi."

Nikaigeuza pini.