Mama Pasi na Usingizi Uliokataa Kunyooka

Mama Pasi alikuwa dobi ambaye ukimpa shati lililotafunwa na ng'ombe, angelirudisha limenyooka, na ng'ombe mwenyewe akaja kuomba radhi. Anayebisha akawaulize majirani.

Kitu kimoja tu kilimshinda kunyoosha: usingizi wa bintiye. Mtihani wa mwisho ulibakiza wiki tatu, na msichana huyo wa miaka kumi na saba alikuwa hapati lepe. Mama Pasi alilitazama jambo hilo kidobi. Doa sugu si hulowekwa mapema? Basi saa mbili usiku akawa anamwamuru binti apande kitandani. Doa likakataa, akamloweka tangu saa moja jioni. Kadiri alivyomloweka ndivyo binti alivyozidi kukodoa macho, daftari kifuani, kwa kuwa meza pekee ya nyumba ile ilikuwa ya kupigia pasi.

Hapo dada mkubwa wa Mama Pasi akaleta vidonge vitatu vya usingizi, alivyoandikiwa yeye mwenyewe hospitali. Kimoja binti alikimeza Jumapili usiku. Jumatatu, kwenye mtihani wa majaribio, aliandika jina lake mahali pa jibu la kwanza, kisha akasinzia juu ya la pili.

Ndiyo maana Jumanne asubuhi walikaa mbele ya daktari wa zahanati, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa na koti lisilopigwa pasi vizuri mabegani. Mama Pasi alijitahidi asiyatazame mabega yale.

"Vidonge ni vya nani?" daktari aliuliza.

"Vya dada yangu. Yeye vinamlaza kama gunia."

"Ana miaka mingapi?"

"Sitini na mbili. Mwenyewe anasema hamsini."

Binti alicheka kidogo. Mama yake hakukumbuka alicheka lini mara ya mwisho.

"Dawa ya mtu mwingine usimpe tena, mama. Ni hatari," daktari alisema. "Na hata ningemwandikia mimi, haiondoi hofu ya mtihani, inaifunika tu. Asubuhi kichwa bado kizito, kumbukumbu na umakini vinapungua, navyo ndivyo anavyovihitaji sasa. Akizoea, inaweza kufika mahali hawezi kulala bila hiyo. Kwa vijana wa umri wake tunaiepuka."

"Basi nipe nyingine, daktari. Ya watoto."

"Hakuna ninayokuficha, mama."

Daktari akamwomba asubiri nje, azungumze na binti peke yake. Mama Pasi alisimama koridoni akiushika mpini wa mlango kama anayezuia ukuta usianguke. Mtoto aliyetoka tumboni mwake, na sasa ana maneno ya kumwambia mgeni. Alipoitwa ndani aliona macho ya binti yamelowa, asithubutu kuuliza.

"Hana mawazo ya kujidhuru," daktari alisema. "Anaogopa kukuangusha. Nitamkutanisha na mshauri anayefundisha vijana namna ya kuituliza hofu na kurudisha usingizi. Huanza kulala saa ngapi?"

"Namloweka tangu saa moja."

Ilibidi daktari aelezwe. Alipoelewa alivua miwani akaifuta. "Hapo ndipo panapoharibika. Akili imejifunza kwamba kitandani ni pa kukesha. Apande akihisi usingizi tu. Usipokuja kama dakika ishirini, ashuke, akae kwenye mwanga hafifu hadi uje. Aamke saa ileile kila siku, hata Jumapili. Chai ya rangi na kahawa mwisho mchana. Simu isilale naye. Wasiwasi wake auandike jioni mapema, aufunge. Usiku usimuulize kama amelala. Na asisomee kitandani."

"Asomee wapi?"

Mama Pasi alijijibu mwenyewe, akaiona akilini meza yake ya pasi.

"Atalala lini?"

"Pengine siku kadhaa, pengine wiki. Siwezi kukuahidi."

Vidonge viwili vilivyobaki alivikabidhi dirisha la dawa. Mkono ulikawia kufunguka.

Jioni ile aliondoa mashati ya watu juu ya meza kabla hayajaisha, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu dunia ipate vifungo. Binti akasoma pale, akaandika hofu zake ukurasa mzima, akafunga daftari. Saa nne na nusu akapiga miayo, akaenda kulala.

Mama Pasi aliketi nyuma ya pazia, pasi baridi mapajani. Kitanda kililia. Nyayo zikashuka, kigoda kikavutwa, kimya. Alijua kuondoa mafuta, kutu, wino, hata damu. Mikono yake ilitaka kushika kitu, kumfunika, kumpapasa, kumuuliza kama usingizi umekuja. Daktari alisema asiulizwe.

Nyayo zikarudi kitandani. Muda si mrefu zikashuka tena.

Mama Pasi akaendelea kuketi.