Grafu ya Shaba na Jibu la Tshiela

Kolwezi, 1993. Kesho treni ingewabeba akina Tshiela, Wakasai waliofukuzwa mkoani kwa kusingiziwa kuangusha migodi. Leo alihitaji pointi za jiografia ili aondoke na buletini yake, ripoti ya shule. Mwalimu Omer, aliyefuata upepo kuliko bendera, alichora ubaoni grafu ya mgodi wa shaba wa kubuni, waieleze kwa maandishi. Tshiela akaandika: uzalishaji ulishuka kutoka tani 40,000 mwaka 1988 hadi tani 8,000 mwaka 1992, ila 1990 ulikwenda kinyume, ukapanda hadi tani 44,000.

“Ongeza sababu: Bakasai,” mwalimu akaamuru.

“Tata mwalimu, mustari wa chini ni myaka, wa kusimama ni tani. Bakasai beko wapi? Na 1990 tulikuwa bote hapa!”

Darasa likaangua kicheko.

“Futa 1990, nikupe pointi!”

Tshiela akaizungushia duara nene, akamkabidhi karatasi.