Meseji ya Pili kwa Mwanangu wa Magoma

Wajukuu ninao wa kutosha, lakini wote ni wa wanangu wa kiume. Kwetu Sindeni mwanamke mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake, ajifungulie huko na akandwe kwa maji ya moto mpaka arobaini itimie. Kwa hiyo wake za wanangu kila mmoja alifunga kanga zake akaenda kwao, na mimi nikaletewa mjukuu ameshaanza kucheka. Bi mdogo, mke mwenzangu, ana mabinti wawili. Wote walikuja kuuguzwa hapahapa uani, naye akawakanda, mimi nikichota maji. Nilichota. Lakini moyoni nilijua nilivyokuwa.

Binti yangu ni mmoja. Ameolewa Magoma, upande wa Korogwe, anakaa uani kwa mkwewe. Mimba yake ilipokaribia, nikamuuliza kwa meseji kama atakuja kujifungulia kwetu. Sikupiga simu, maana simu yake ina sauti kubwa. Ukisema neno, mkwewe analisikia kule jikoni. Hakujibu. Salamu alileta, habari za mahindi alileta, swali langu akaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Nilijua ni kazi ya nani. Siku ya harusi yule mama alimwita mwanangu "binti yangu" mpaka nikachoka kusikia. Nikamwona akilini anamkorogea uji wa pilipili manga, anamuwekea mto mgongoni, na mwanangu anasema ahsante mama.

Nikaandika tena, polepole, shule yangu ni ya kujua kusoma tu: "Nimekuuliza hunijibu. Mbona kimya? Au siku hizi mama yako ni huyo wa Magoma? Nijibu leo." Kabla sijaituma nikampa bi mdogo aangalie kama herufi zimekaa.

Akaweka ungo chini. "Bi mkubwa, hii ni meseji au wito wa baraza?"

"Ni swali moja tu."

"Swali moja na ugomvi juu yake. Kwamba hajajibu anajua, si ndiye aliyenyamaza? Na huyo wa Magoma umemtia ndani wa nini? Mtoto anakula kwake leo jioni."

"Kwa hiyo nimuogope?"

"Usimuogope. Lakini akisema anakuja, kamkosea yule. Akisema haji, kakukosea wewe. Hata mimi ningenyamaza."

Nikamwambia ni rahisi kwake kusema, wanawe walikuja wenyewe. Akacheka. "Walikuja kwa sababu sikuwaita hivyo."

Neno lile lilinichoma, lakini tukafuta. Mimi nilitaka "nijibu leo" ibaki. Akaniuliza leo kuna nini. Hakukuwa na kitu. "Basi mwambie kwa nini unataka kujua," akasema. "Mtu akijua sababu haoni kama anasukumwa. Na kama hana jibu, mpe la kujibu."

Sababu ilikuwepo, nayo ni kuni. Maji ya kukandia hayataki kuni mbichi, na mawingu yalishaanza kujikusanya. Nikaandika: "Mwanangu, u hali gani? Nataka kupasua kuni za kukandia kabla ya mvua, ndiyo maana nauliza tena habari ya kujifungua. Kama hamjaamua, niambie tu bado, si neno. Nitapasua hata hivyo, zikibaki tutapikia."

Jibu lilikuja kabla ya alasiri. "Bado mama. Kliniki wamesema nijifungulie hospitali ya huku wanakonijua. Niliogopa kukuambia, ungesema nimefundishwa na mama wa hapa. Yeye naye ananiuliza nani atanikanda, naye sijamjibu. Uje wewe?"

Nilifurahi kusikia kuwa na yule amenyimwa jibu. Sitasema uongo. Halafu nikaona maana yake: nikalale nyumbani kwake, nile ugali wake, niombe sufuria zake.

Nikaandika, "Nakuja, lakini mwambie mkweo asi..." nikaishia hapo. Bi mdogo alikuwa ananitazama. Nikafuta mwenyewe. Nikaandika, "Nakuja. Nisalimie mkweo." Hiyo salamu ndiyo iliyonichelewesha.

Nikaenda. Yule mama alinipokea mzigo mlangoni na maneno yake yaleyale matamu, karibu dada, jisikie nyumbani. Mjukuu alipotoka hospitali, yeye ndiye aliyempokea kwanza, kwa kuwa alisimama karibu na mlango, akamkumbatia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Niliumia. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikaanza kumkanda mwanangu.