Kutoka Kushoto

Enzi ya Wajerumani nilisahihisha maneno ya chini ya picha katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, Morogoro. Niliweka kidole juu ya kila uso kuanzia kushoto, nikalisoma jina, kisha nikalinganisha na maelezo yaliyotoka boma.

Siku moja ililetwa picha ya watu watatu. Katikati alisimama askari. Maneno yalisema kushoto ni mtu aliyempiga askari kwa jembe, kulia ni mkulima wa kabichi aliyewaonyesha askari njia ya mlimani. Chini yake: imepigwa na bwana mkubwa wa boma.

Shaushi, mkubwa wa askari wa boma, aliingia, akachukua karatasi ya majaribio kabla sijaishika kalamu.

"Mpigaji katoroka kifungoni. Huyu wa kushoto nimemwona sokoni. Leo atajuta kuzaliwa!"

Nilibaki na karatasi nyingine. Maelezo ya boma yalisema mkulima alizawadiwa kofia nyekundu. Wa kushoto alikuwa na kofia, ameishika pajani, karibu haionekani. Kwa hiyo mkulima alikuwa kushoto.

Bwana mkubwa hakuwa na kamera. Picha zote za boma zilipigwa na Mgoa mwenye duka karibu na stesheni. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, mzee. Majina uliyaandika wewe?"

Alichukua kioo cha picha, akakiinua dirishani, kisha akakigeuza. Uso ukamshuka.

"Niliyaandika nikitazama kioo upande uliopakwa dawa ya picha. Ukitazama huko, wa kushoto huonekana kulia."

"Njoo uwaambie, mzee."

"Mimi? Jina langu halipo hapo chini."

"Ndiyo maana hawakukuuliza."

Alikifunga kioo kwa kitambaa, tukaenda.

Tuliusikia mjeledi kabla ya kuona uwanja. Mkulima alikuwa amelazwa kifudifudi, askari wawili wamekalia miguu na mikono. Mgongo ulikuwa umepasuka, damu imeingia mchangani. Kila pigo lilirusha vipande vya ngozi. Mkewe alipiga kelele hadi askari mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni.

Mgoa alikiinua kioo mbele ya bwana mkubwa, akakigeuza kumwonyesha kosa. Mimi nilishika karatasi. Nikaonyesha kofia kwa kidole.

Bwana mkubwa alitazama, akacheka kidogo.

"Basi inatosha. Mtafuteni wa kulia."

Shaushi alimpiga mkulima teke la ubavu. "Inuka! Si wewe."

Hakuweza kuinuka. Tulimbeba mimi na Mgoa.

Nilipanga upya herufi: kutoka kushoto, mkulima, askari, mpigaji; chini yake, imepigwa na Mgoa. Kabla ya kuichapa nilimpelekea mkulima karatasi nyumbani kwake, alikolalia tumbo juu ya majani ya mgomba. Nilimsomea, kidole juu ya uso wake.

"Sasa ni sawa?" akauliza.

"Sawa, baba."

"Basi wachapeni wao wawili. Mimi nikateni kwenye picha."

Kibati cha kuchapia picha kilikuwa kimepigiliwa juu ya ubao. Nilikikata kwa msumeno upande wa mkulima, nikasahihisha maneno tena: kushoto, askari.